Bei ya katikati ya maharagi: kese inaweza kupunguka na hakuna mutu aliyeiba

Katika vikundi vingi vya wamama na vya wakulima huku kwetu, ugomvi wa kese unaanzaka siku moja: siku ya kuhesabu faida. Maharagi yameuzishwa yote, hakuna muteja mwenye deni, kila kitu kimeandikwa kwenye kaye. Lakini ile faida ambayo komite ilitangaza haionekani. Watu wanaanza kumuangalia mutunza kese. Mumoja anasema pole pole, mwengine anasema kwa sauti: "Mama, makuta yetu iko wapi?"

Mara nyingine ni kweli, kuna mutu amekula. Lakini kuna hesabu moja mbaya ambayo inaleta ugomvi huo huo bila mutu kugusa hata franga moja. Ni ile ya kutafuta bei ya katikati ya kilo kwa kujumlisha bei peke yake na kuzigawanya, bila kuangalia kila bei ilinunua kilo ngapi. Bei ya katikati ndiyo ile tuliyozoea masomoni kuita muayeni. Tutafuata hesabu hii kwa mufano mumoja wa maharagi. Kikundi na bei tutakazotumia ni za mufano tu, tumezichagua ili hesabu iwe rahisi kufuata. Unaweza kuweka pale bei za soko lako, njia haibadilike.

Safari tatu, bei tatu

Tuseme wamama watano wa Bukavu wameungana kununua maharagi na kuyauzisha kilo kwa kilo. Makuta hawakuyapata yote siku moja. Walianza na kidogo waliyochanga wao wenyewe, kisha wakaongeza, na mwisho mukopo wa aveki ukatoka. Kwa hiyo walinunua mara tatu.

Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa kwanza, wakati mavuno ya msimu A yameingia sokoni na bei iko chini. Walinunua kilo 50, kilo moja kwa franga 1.500. Mara ya pili bei ilikuwa imepanda kidogo. Wakachukua kilo 150, kilo moja kwa franga 2.100. Mara ya tatu ilikuwa mwezi wa nne, mavuno ya msimu B bado kufika, maharagi imekuwa haba. Lakini ni wakati huo ndipo mukopo ulikuwa mukononi. Wakachukua kilo 400, kilo moja kwa franga 2.400.

Ili kupanga bei ya kuuzisha, sekretere alichukua telefone akajumlisha bei tatu: 1.500 na 2.100 na 2.400, inatoka 6.000. Akagawanya kwa 3, ikatoka 2.000. Akaandika kwenye kaye: "Kilo moja imetugarimu 2.000." Kikundi kikakubali kuongeza franga 200 kwa kila kilo, basi bei ya kuuzisha ikawa 2.200. Kilo 600 mara franga 200 ni franga 120.000 za faida. Watu wakapiga makofi.

Maharagi yakaisha. Wakahesabu kese: kilo 600 kwa 2.200 ni franga 1.320.000, na kweli ndizo zilikuwamo, hakuna franga iliyopotea. Lakini kikundi kilikuwa kimetoa ngapi wakati wa kununua? Tuangalie safari moja moja.

Safari ya kwanza: kilo 50 mara 1.500 ni franga 75.000.
Safari ya pili: kilo 150 mara 2.100 ni franga 315.000.
Safari ya tatu: kilo 400 mara 2.400 ni franga 960.000.

Jumla ni franga 1.350.000. Walitoa 1.350.000, wakaingiza 1.320.000. Hakuna faida ya 120.000. Kuna hasara ya 30.000, na mukopo wa aveki unangojea kulipwa pamoja na faida yake.

Zile 150.000 zilienda wapi?

Wanachama walingojea faida ya 120.000, wakakuta hasara ya 30.000. Kati ya walichongojea na walichokuta kuna pengo la franga 150.000. Hapo ndipo jina la mutunza kese linaanza kutajwa.

Lakini hizo 150.000 hazikuwahi kuwepo. Chukua makuta yote yaliyotoka, franga 1.350.000, gawanya kwa kilo zote zilizoingia, 600. Inatoka 2.250. Hiyo ndiyo bei ya kweli ambayo kilo moja iligarimu kikundi. Sekretere aliandika 2.000. Tofauti ni franga 250 kwa kila kilo, na franga 250 mara kilo 600 ni franga 150.000 kamili. Pengo lote lilizaliwa siku ile ya kupanga bei, mbele hata kilo moja haijauzishwa.

Angalia vizuri: kila mara muteja alipolipa franga 2.200, wamama walifikiri wamepata 200. Kumbe walikuwa wanamuongezea muteja franga 50 za kwao. Na kadiri biashara ilivyokwenda mbio, ndivyo hasara iliongezeka.

Kila kilo ina sauti yake

Kwa nini njia ya sekretere ilidanganya? Kujumlisha kwake kulikuwa sawa na kugawanya kulikuwa sawa. Kosa lilikuwa katika swali alilojibu.

Alipogawanya kwa 3, alihesabu safari. Kila safari ilipewa sauti moja, kama vile zote tatu zilileta muzigo sawasawa. Ni kama kupiga kura kati ya mitaa mitatu, mumoja una watu 50, mwengine 150, mwengine 400, halafu mutu aseme kila mutaa una kura moja. Wale 50 wanakuwa na nguvu sawa na wale 400. Hakuna mutu wa mutaa mukubwa atakubali.

Lakini bei ya kilo ni habari ya kilo. Katika stoki ya wale wamama, kilo 400 kati ya 600 ziligarimu 2.400. Maana yake, ukiingiza mukono katika muzigo na kutoa kilo moja bila kuchagua, mara mbili kati ya tatu utatoa ile ya 2.400. Ile ya 1.500 ni moja tu kati ya kumi na mbili. Basi bei ya katikati lazima ivutwe kuelekea 2.400, kwa sababu kule ndiko kuna uzito mukubwa. Ndiyo maana hesabu hii inaitwa muayeni yenye uzito, na watu wa kontabilite wanasema muayeni pondere: kila bei inapewa uzito wa kilo ilizonunua.

Kwa kuifanya, hatua ni tatu. Kwanza, kwa kila safari, zidisha kilo na bei yake, upate makuta yaliyotoka. Pili, jumlisha makuta yote kisha jumlisha kilo zote, kila kitu upande wake. Tatu, gawanya makuta kwa kilo. Haukuna mahali pale unajumlisha bei na bei. Ukiona mutu anajumlisha bei na bei, simama umuulize: "Na kilo ni ngapi kwa kila moja?"

Ile njia fupi ya sekretere inatoa jibu la kweli kama kila safari ilileta kilo sawa. Kama wale wamama wangenunua kilo 200 kila mara, bei ya katikati ingekuwa 2.000 kweli. Ndiyo sababu kosa hili linajificha. Kikundi kinaweza kutumia njia fupi mwaka muzima, kinanunua mufuko mumoja kila juma, na hesabu zinakubali. Siku moja kinapata mukopo, kinanunua mifuko minane kwa safari moja, na hesabu ile ile iliyokubali jana inadanganya leo.

Buletini ya mutoto inaijua hesabu hii

Kama kitu hiki kinaonekana kigeni, fungua buletini ya mutoto wako. Kila somo lina maksima yake. Tuchukue masomo mawili tu: dini ina maksima 10, hesabu ina maksima 40. Mutoto amepata 9 kwa 10 katika dini, ni asilimia 90. Katika hesabu amepata 16 kwa 40, ni asilimia 40.

Mutoto anaweza kuja nyumbani na kusema: "Papa, 90 na 40 ni 130, ukigawanya kwa mbili ni asilimia 65. Nimefaulu muzuri." Lakini mwalimu hakufanya hivyo. Alijumlisha pointi: 9 na 16 ni 25. Akajumlisha maksima: 10 na 40 ni 50. Pointi 25 kwa 50 ni asilimia 50. Mutoto amepita, lakini kwenye ukingo kabisa.

Kila muzazi anaelewa kwa nini mwalimu ana haki: somo la hesabu lina uzito mara nne kuliko la dini. Kilo za maharagi ni kama maksima, na makuta uliyolipa ni kama pointi. Mwalimu hajumlishe asilimia na asilimia, na wewe usijumlishe bei na bei.

Jaribio la dakika moja

Mwanachama ambaye hakusoma sana anaweza kupima hesabu ya komite mwenyewe, hata kama hakuwepo siku ya kuifanya. Chukua bei ya katikati iliyoandikwa kwenye kaye, zidisha kwa kilo zote. Jibu lazima lirudi kwenye makuta yaliyotoka kwa kese.

Tujaribu bei ya sekretere: 2.000 mara kilo 600 ni 1.200.000. Lakini resi zinaonyesha 1.350.000. Hazikutane, basi bei hiyo ni ya uongo. Tujaribu ile nyingine: 2.250 mara 600 ni 1.350.000. Zimekutana. Kama mulikata bei kidogo ili kuondoa vipande vya franga, tofauti ndogo ni kawaida. Lakini tofauti ya elfu mia haitoki kwa kukata vipande.

Kuna pia alama moja ya kuona kwa macho, bila telefone. Angalia ni kwa bei gani mulinunua muzigo mukubwa. Bei ya katikati lazima iwe karibu na ile. Kama sehemu kubwa ya muzigo mulinunua kwa bei ya juu, na bei ya katikati imetua palepale katikati ya bei ya chini na ya juu, ujue kilo hazikuhesabiwa.

Na kama mulinunua kwingi wakati wa bei ya chini, kosa linageuka upande mwengine: njia fupi inatoa bei kubwa kuliko ya kweli. Hapo kikundi hakipati hasara kwa kila kilo, lakini kinapanga bei ya juu bila sababu, wateja wanaenda kwa jirani, na maharagi yanabaki kuliwa na wadudu katika depo.

Usafiri, mawe na maharagi mabovu

Mupaka sasa tuliacha vitu viwili kando ili tuone kosa lenyewe vizuri. Tuvirudishe.

Cha kwanza ni makuta ya njiani: usafiri, wabebaji, mifuko, na yale yanayolipwa kwenye barabara. Tuseme kwa safari zote tatu yalifika franga 60.000. Hayo pia yalitoka kwa kese juu ya maharagi haya, basi yanaingia katika makuta yote: 1.350.000 na 60.000 ni 1.410.000. Ukigawanya kwa kilo 600, kilo moja sasa ni 2.350.

Cha pili ni kilo zenyewe. Kilo ulizonunua haziko kilo utakazouzisha. Maharagi yaliyonunuliwa bado na unyevu yanakauka na kupoteza uzito. Wakati wa kuchambua, unatupa mawe, udongo na yale yaliyotobolewa na wadudu. Tuseme wale wamama walipochambua na kupima tena, walibaki na kilo 564. Kilo 36 zimeenda, lakini makuta yake yamekwisha kulipwa. Basi franga 1.410.000 zinabebwa na kilo 564 tu, na kila moja inakuwa 2.500.

Kutoka 2.000 ya sekretere tumefika 2.500. Nusu ya tofauti hiyo, franga 250, ilitoka kwa muayeni mbaya. Franga 100 ni njia. Franga 150 ni mawe na unyevu. Ni vizuri kuzitenganisha hivi katika mukutano, kwa sababu dawa yake si moja. Ile ya kwanza inapona kwa kalamu. Ile ya mwisho inapona kwa kuchunguza muzigo mbele ya kulipa.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. Usichanganye vipimo: kama safari moja mulinunua kwa kilo na nyingine kwa kopo au kwa mufuko, pima kwanza ile ya kopo na ya mufuko kwenye mizani, kwa sababu mufuko wa soko hili hauko sawa na wa soko lile. Na kama safari moja mulilipa kwa dola, igeuze kuwa franga kwa kiwango cha siku ile mulilipa, si kwa kiwango cha siku ya mukutano.

Ukinunua kwa makuta yale yale kila mara

Kuna watu hawanunui kwa kilo, wananunua kwa makuta. Mama wa restora anasema: "Kila juma natoa franga 60.000 kwa maharagi." Anafikiri kwa vile makuta ni sawa kila mara, njia fupi itakubali. Haikubali.

Juma la kwanza bei ni 1.500: franga 60.000 zinaleta kilo 40. Juma la pili bei ni 2.000: zinaleta kilo 30. Juma la tatu bei ni 3.000: zinaleta kilo 20 tu. Njia fupi inajumlisha 1.500, 2.000 na 3.000, inagawanya kwa 3, inatoa karibu 2.167. Lakini mama ametoa franga 180.000 na amepata kilo 90. Kilo moja imemugarimu 2.000.

Hapa njia fupi imepandisha bei, na itapandisha kila mara mutu anapotoa makuta sawa kwa bei zenye kuachana. Sababu ni nyepesi: bei ikishuka, makuta yale yale yanaleta kilo nyingi, bei ikipanda, yanaleta kidogo. Kwa hiyo kilo za bei ya chini ndizo nyingi katika sufuria yake. Sheria ni ile ile: makuta yote kwa kilo zote.

Muchuuzi akisema: "Kwa muayeni nililipa muzuri"

Hesabu hii haiko tu ya kununua. Mukulima anayeuzisha pia anaweza kupewa namba nzuri isiyo na ukweli. Tuseme mununuzi mukubwa alichukua kilo 1.000 za maharagi kwa franga 1.200 wakati wa mavuno, wakati kila mutu alikuwa na haja ya makuta ya masomo na ya hospitali. Kisha mwisho wa msimu akachukua kilo 50 kwa franga 2.000. Katika mukutano anasimama na kusema: "Kwa muayeni niliwalipa 1.600 kwa kilo."

Hakusema bei ambayo haikulipwa; 1.200 na 2.000 zote mbili zililipwa. Lakini tuhesabu: kilo 1.000 mara 1.200 ni 1.200.000. Kilo 50 mara 2.000 ni 100.000. Jumla franga 1.300.000 kwa kilo 1.050. Inatoka karibu 1.238 kwa kilo. Ile 1.600 hakuna mukulima aliyeiona mufukoni. Swali la kumuuliza, kwa heshima kabisa, ni: "Papa, kwa ile bei ya 2.000 ulichukua kilo ngapi?"

Kwa namba moja njia fupi inaruhusiwa: kama unataka tu kujua leo wachuuzi watano wa soko wanaomba bei gani, na hakuna aliyenunua bado. Hapo hakuna kilo za kupima, unalinganisha meza tano. Lakini namba hiyo ni ya bei zinazoombwa. Haiwezi kukuambia kese ilitoa ngapi.

Stoki ikibaki, na kompyuta ikihesabu

Biashara haingojeake muzigo uishe ndipo mununue mwengine. Tuseme wale wamama, wakishaelewa, wamebaki na kilo 100 zenye kugarimu 2.500 kila moja. Wananunua tena kilo 300, na zikishachambuliwa na usafiri umelipwa, kila moja imefika kwa 2.900. Kilo moja katika depo sasa ni ngapi?

Njia fupi inasema 2.700, katikati ya bei mbili. Fanya ya kweli: kilo 100 za zamani zinabeba franga 250.000. Kilo 300 mupya zinabeba franga 870.000. Jumla 1.120.000 kwa kilo 400, ni 2.800. Hiyo ndiyo inaandikwa kwenye kaye mupaka muzigo mwengine ufike, halafu munahesabu upya kwa namna hiyo hiyo. Makampuni yanayofuata sheria za OHADA, ambamo nchi yetu iliingia mwaka wa 2012, yanakubaliwa kuhesabu stoki hivi, ao kwa njia ya "cha kwanza kuingia ndicho cha kwanza kutoka". Kugawanya bei kwa hesabu ya safari hakuko kati ya njia hizo.

Kama kikundi chenu kinatumia kompyuta, kosa linaingia kwa mulango mwengine. Katika Eksel ya Kifaransa, sekretere anaweka kilo kwenye kolone B, bei kwenye kolone C, kisha anaandika hii:

```
=MOYENNE(C2:C4)
```

Mashine inajibu 2.000, bila kulalamika, kwa sababu ndicho ilichoombwa. Haikuangalia kolone B hata kidogo. Ya kuandika ni hii:

```
=SOMMEPROD(B2:B4;C2:C4)/SOMME(B2:B4)
```

Sehemu ya kwanza inazidisha kila kilo na bei yake na kujumlisha makuta yote. Sehemu ya pili inajumlisha kilo. Kwa mufano wetu inatoa 2.250.

Asiye na kompyuta, kaye inatosha, kama ina kolone nne kwa kila safari: siku, kilo, bei ya kilo, na makuta yaliyotoka. Kolone ya mwisho ndiyo inasahaulikaka. Vikundi vingi vinaandika bei na kuacha makuta, na ndiyo sababu siku ya kuhesabu hakuna kitu cha kujumlisha isipokuwa bei. Chini ya ukurasa, jumlisha kilo, jumlisha makuta, na uache kolone ya bei bila jumla. Jumla ya bei haina kazi yoyote.

Turudi kwa zile namba za depo. Kilo moja ni 2.800. Kikundi kikitaka kubaki na franga 200 kwa kila kilo, bei ya kuuzisha ni 3.000, si 2.900 ambayo njia fupi ingetoa. Kama soko halikubali 3.000, ni heri kulijua leo, wakati bado munaweza kuamua kungojea ao kupunguza ile franga 200, kuliko kulijua siku ya kufungua kese mbele ya mutunza kese ambaye hakuchukua kitu.